Amana Si Mafuta ya Kirikuu

Katika biashara ya kukodisha viti, maturubai na muziki, siku ya ukweli ni Jumatatu. Jumamosi watu wamekula na kucheza, Jumapili mzigo umerudi stoo, na Jumatatu asubuhi mama wa bwana harusi anakuja kuchukua amana yake. Pale Tunduma, kama ilivyo Vwawa na Mlowo, jibu huwa limeshazoeleka: "Mama, viti bado hatujahesabu, njoo kesho." Akija kesho anaambiwa turubai limechanika. Keshokutwa tundu la moto linaongezeka. Ikifika Alhamisi ile shilingi 100,000 aliyoiacha imebaki 20,000, na turubai lenyewe hajaonyeshwa.

Nimeusikiliza ugomvi wa namna hii kwa pande zote mbili, na naamini kwamba mara nyingi turubai halihusiki. Ugomvi ulianza Ijumaa, amana ilipotiwa mafuta kwenye kirikuu ya kupeleka mzigo. Pesa ya mtu ikishatumika, lazima itafutwe sababu ya kutoirudisha, na sababu iliyo karibu ni uharibifu. Na haikuingia kwenye tangi la mafuta kwa ubaya wa moyo. Iliingia kwa sababu bei ya kukodisha ilipangwa chini mno, haikuweza hata kuulipia mzigo safari yake. Kwa hiyo anayetaka kujua kama tozo za uharibifu za mfanyabiashara fulani ni za haki, aanze kwa kutazama bei yake ya siku.

Tuchukue kiti kimoja cha plastiki, kwa hesabu ya mfano. Tuseme kimenunuliwa shilingi 16,000. Mwenye nacho atapenda kukipigia siku 365 kwa mwaka, lakini kiti hakitoki kila siku. Kinatoka Jumamosi, na Jumamosi zenyewe hazifanani. Kwaresima ndoa za makanisani zinasimama. Mvua za Songwe zinaanza kama Novemba na kuendelea hadi Aprili, na katikati ya hapo, ukiacha sikukuu za Desemba, watu wako mashambani na mifuko imekauka. Msimu unafunguka mahindi yakishavunwa, na kule Mbozi kahawa ikishalipwa. Ukijumlisha send-off, harusi, kipaimara, mahafali na mikutano, kiti kinachofanya kazi vizuri kitatoka, tuseme, mara 60 kwa mwaka. Kikidumu miaka minne kimetoka mara 240. Gawa 16,000 kwa 240, unapata karibu shilingi 70 kila kinapotoka. Huo ndio uchakavu wake, na mteja anapaswa kuulipia ndani ya bei, siyo nje yake.

Juu ya hapo kuna kukipakia, kukishusha, kukipanga na kukiosha, weka 100. Kuna pango la stoo na mlinzi, weka 50. Kuna viti vinavyokatika bila kujulikana nani kavikata, na wateja wasiomaliza kulipa, weka 30. Tayari ni shilingi 250 na mwenye mali hajapata hata ya chai. Akikodisha kwa 400 ana faida ya kuendeshea maisha na kununua viti vingine vile vikichoka. Akikodisha kwa 200, kwa sababu jirani yake wa mtaa wa pili kashusha, amekubali hasara ya shilingi 50 kwa kila kiti, na kwa viti 300 ni shilingi 15,000 kila Jumamosi. Hela hiyo itatoka mahali. Itatoka kwenye kutoosha viti, au kwenye kumlipa kijana wa kupakia nusu, au Jumatatu kwenye mkoba wa mama wa bwana harusi.

Ndiyo maana naiogopa bei ya chini kuliko bei ya juu. Bei ya juu mteja anaiona akiwa bado amesimama dukani na anaweza kuondoka. Ile ya chini inamaliziwa baada ya sherehe, wakati vitu vimesharudi na mteja hana la kushika mkononi isipokuwa kipande cha karatasi, kama alipewa.

Kuna swali lingine linaloonekana dogo: siku ni nini? Maturubai ya harusi ya Jumamosi yanasimikwa Ijumaa jioni na kung'olewa Jumapili asubuhi. Kwa kalenda ni siku tatu. Kwa akili ya kawaida ni siku moja, kwani Ijumaa jioni na Jumapili asubuhi mwenye mali asingeyakodisha kwingine. Anayetoza siku tatu kwa mzigo huo anauza muda ambao kwake hauna mnunuzi. Lakini mteja anayebaki na viti hadi Jumatatu jioni kwa sababu "wageni wa mbali bado wapo" naye asidhani ni bure, hata kama Jumatatu haina sherehe. Siku ya pili ya mzigo uleule haina usafiri mpya wala kuosha kupya. Nusu ya bei inatosha, na watu wengi wa kazi hii hufanya hivyo. Kinachobadilisha hesabu ni pale kuchelewa kunapogusa mteja mwingine. Viti 200 vilivyotakiwa kwenye mahafali Jumatatu saa tatu visipofika, mwenye mali anakodi vya mwenzake ili kutimiza ahadi, na gharama hiyo ni halali kabisa kumdai aliyechelewesha, ilimradi aliambiwa tangu mwanzo kwamba kuna mtu nyuma yake anasubiri. Wengi hawaambiwi. Wanakuja kulijua hilo wakati wa kukatwa.

Sasa amana yenyewe. Viti 200 vya shilingi 16,000 ni milioni tatu na laki mbili. Hakuna kamati ya harusi itakayoacha kiasi hicho, na mwenye mali mwenye akili haombi, kwani hatarajii viti vyote 200 viungue. Amana hupimwa kwa uharibifu wa kawaida: viti vitano sita na kiraka kimoja cha turubai. Hasara kubwa kuliko hapo hailindwi na amana. Inalindwa na kumjua mtu, kuwa na barua au mdhamini wa mtaani, na mwenye mali kuwa na kijana wake pale ukumbini. Nimeona wanaochukua kitambulisho cha NIDA kama dhamana. Sikubaliani nao. Kitambulisho hakinunui kiti, na Jumatatu mwenye nacho anakihitaji benki. Kinachobaki ni kumtia mtu hofu tu, na mtu mwenye hofu atakubali makato yoyote ili apate kadi yake.

Fedha ikae peke yake. Wapo wenye laini ya pili ya simu isiyofanya kazi nyingine ila kupokea na kurudisha amana, na hapo hata makato ya kutuma yanazungumzwa mapema: aliyeweka 100,000 akirudishiwa pungufu kwa ajili ya ada ya kutuma, atajua sababu. Wengine wanatumia bahasha za kaki, jina la mteja juu, hela ndani, noti zilezile. Ni njia ya kizamani na sijaona bora kuliko hiyo. Bahasha inapokuwa kwenye droo, mwenye mali hana haja ya kutafuta ufa kwenye kiti, kwa kuwa hana pengo la kuziba.

Tuichukue harusi moja ya kubuni pale Mpemba, nje kidogo ya mji. Viti 200 kwa 400 ni 80,000. Maturubai manne kwa 40,000 ni 160,000. Muziki pamoja na fundi wake ni 150,000, usafiri kwenda na kurudi ni 50,000. Jumla 440,000, na amana 100,000. Viti vina miaka miwili. Jumapili mzigo unarudi: viti viwili havipo, vitatu vimevunjika, na turubai moja lina tundu.

Hapa ndipo jicho la mtu wa kazi linapohitajika, kwani uharibifu una alama zake. Kiti cha plastiki kilichokaa juani muda mrefu kinapauka na kuwa kikavu, na ufa wa zamani unajaa vumbi. Kingo zake ni nyeusi au kijivu. Ufa wa jana ni msafi, na plastiki iliyopinda kabla ya kukatika huacha alama nyeupe pembeni. Kati ya vile vitatu, kimoja kina ufa mweusi kwenye mguu wa nyuma. Hicho kilitoka stoo kikiwa kigonjwa na kilikuwa kinasubiri mtu mzito. Kumtoza mteja kwa hicho ni dhuluma, na afadhali hakikuangusha mtu. Kwa Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, anayekodisha kitu kwa malipo anabeba madhara ya kasoro iliyokuwa ndani ya kitu chake hata kama hakuijua.

Vinabaki vinne: viwili vilivyovunjika upya na viwili vilivyopotea. Wenye mali wengi watasema 16,000 kwa kila kimoja, maana dukani ndiyo bei. Nao wana hoja, hakuna duka linalouza nusu ya kiti. Lakini kiti cha miaka miwili kimeshalipwa nusu yake na harusi zilizopita, shilingi 70 kwa 70. Ukimtoza mteja huyu 16,000, ile nusu unailipwa mara mbili, na mwisho una kiti kipya badala ya kikuukuu ulichokuwa nacho. Kwa hiyo 8,000 kila kimoja, jumla 32,000. Naongeza jambo moja ambalo wateja hawalipendi: kama viti vilikuwa vya rangi moja na vya aina ambayo haipatikani tena, viwili vikipotea seti imeharibika zaidi ya thamani ya viti viwili. Kinachofaa ni kukubaliana bei ya kiti kwa umri wake kabla ya mzigo kutoka, na kuiandika kwenye risiti, siyo kuipandisha baadaye kwa hoja ya seti.

Turubai nalo linasema lilivyopatwa. Tundu la mviringo lenye kingo zilizoganda ni cheche, na ukitazama juu ya mahali mama ntilie alipokuwa amepanga mafiga utalikuta limeelekeana napo. Mpasuko unaoanzia kwenye pete za chuma za pembeni ni kazi ya upepo, au kamba iliyokazwa upande mmoja tu, na kama waliosimika ni vijana wa mwenye mali, huo ni mzigo wake. Mkato mrefu mnyoofu ni kisu au msumari wakati wa kukunja. Hili la Mpemba ni cheche. Fundi turubai ataweka kiraka kwa 15,000. Turubai jipya ni mamia ya maelfu, na kumtaka mteja alilipe lote kwa tundu la upana wa kikombe ni kumnunulisha turubai. Kama tundu lingeliondoa turubai kwenye kazi ya Jumamosi iliyofuata, siku hiyo moja ingeongezwa. Lakini lilizibwa Jumanne, hivyo halikukosa kazi.

Makato yote ni 47,000. Bahasha inafunguliwa mbele ya mama wa bwana harusi, anaonyeshwa vipande vya viti na kiraka, anapewa 53,000 na kusaini. Mazungumzo hayachukui nusu saa.

Jioni ya harusi hiyo kulinyesha. Nani anadaiwa maturubai yaliyolowa? Turubai likikunjwa bichi na kusukumwa kona ya stoo, baada ya siku chache linapata ukungu, madoa meusi yasiyotoka kwa sabuni, na kitambaa kinaanza kuoza kwenye mishono. Kwa hiyo lazima litandazwe likauke, hata kama ni siku mbili za kibaridi cha Tunduma. Mimi naona mvua ni ya mwenye mali. Ameingia kwenye biashara ya kivuli akijua mawingu yapo, na bei ya msimu wa mvua inaweza kubeba kukausha. Inageuka kuwa ya mteja pale yeye mwenyewe anapong'oa, anakunja likiwa limelowa, na kuliweka chumbani hadi Jumatano. Sheria niliyoitaja inafuata njia hiyohiyo: aliyekabidhiwa mali anatakiwa kuitunza kama mtu makini wa kawaida anavyotunza ya kwake, na akifanya hivyo halipii lililotokea nje ya uwezo wake, isipokuwa kama alikubali kwa mkataba. Hata mkataba una mpaka. Ule mstari wanaouchapa kwenye risiti, "uharibifu wowote faini 200,000", kifungu cha 74 hakiupi nguvu yote unayodhani. Anayedai anapata fidia inayofaa, isiyozidi kiasi kilichotajwa. Laki mbili hapo ni dari tu. Hasara ikiwa 15,000, hiyo ndiyo inayofaa.

Muziki ni habari tofauti na viti, kwa sababu unaweza kuharibiwa bila kuguswa. Spika haiungui kwa kuangushwa. Inaungua amplifaya inaposukumwa kupita uwezo wake, taa nyekundu zikiwaka mfululizo na sauti ikianza kukwaruza, au jenereta inapopandisha na kushusha umeme. Waya mwembamba ulioviringwa ndani unapata moto na kupoteza umbo. Utajua ukisukuma kwa upole kile kitako cha karatasi kwa vidole vya mikono miwili: kizima kinaingia na kutoka kimya, kilichoungua kinakwama au kinasugua kama mchanga, na harufu ya kuungua inakaa siku kadhaa. Sasa mteja anayekodi muziki hajui hata taa nyekundu ina maana gani. Kumwachia spika na kumdai zikiungua ni kumpa gari mtu asiyejua kuendesha. Wenye busara hawatoi muziki bila fundi wao, malipo ya fundi yamo ndani ya bei, na kwa hiyo hawaombi amana kubwa ya spika, maana aliyeshika vitufe ni mtu wao. Mteja akileta dijei wake na kutaka achomeke mashine zake, hapo hati inabadilika: fundi anapima spika mbele ya dijei kabla na baada, na amana inapanda. Nimeona fundi aliyegoma kumpa dijei nafasi kwenye mikisa hadi baba wa bibi harusi alipokuja mwenyewe kusaini. Alionekana mkorofi ukumbi mzima. Naye alikuwa sahihi.

Msiba unavuruga hesabu zote hizi, na huko ndiko ninakowapima wenye biashara hii. Msiba hauna Jumamosi. Turubai linaitwa saa nne usiku, halijulikani litakaa siku mbili au tano, mwili pengine unasubiriwa kutoka Dar es Salaam. Wengi Songwe hutoa maturubai kwa nusu bei au bure kabisa kwa jirani, na hiyo inakuwa rambirambi yao. Ni jambo jema, ila lina mtego: kwa kuwa ni bure, hakuna anayehesabu. Kuhesabu viti mbele ya wafiwa kunaonekana ukatili. Matokeo yake viti vya watu watatu vinachanganyika, vya kanisa, vya mtaa na vya kukodi, na siku ya kuanua matanga mwenye mali anakuta vinane havipo. Anameza, anaondoka na kinyongo, na msiba unaofuata turubai lake "limeshachukuliwa".

Mimi ningesema kitolewacho bure ndicho kihesabiwe zaidi. Siyo na wafiwa. Na yule aliyepewa kazi na kamati ya kuangalia vyombo. Herufi mbili za rangi ya mafuta chini ya kila kiti zinamaliza nusu ya tatizo, maana jioni ya mwisho kila mtu anageuza kiti na kujua ni cha nani. Na mwenye mali aseme mapema, kwa sauti ya kawaida: "Kaka, kodi nimesamehe. Kitakachopotea mtanisaidia." Kamati itakata kwenye michango bila neno. Ukisamehe vyote viwili bila kusema, hujui umetoa kiasi gani.

Mwisho kuna Nakonde. Mji ule uko ng'ambo ya mpaka tu, ndugu wako pande zote mbili, na kituo cha pamoja cha forodha kilichofunguliwa mwaka 2019 kimerahisisha kupita. Lakini maturubai manne na spika nane si abiria. Yanavuka kama bidhaa, hata kama yanarudi kesho, na bila karatasi za kuingia kwa muda yanaweza kulala forodhani wakati bibi harusi anasubiri. Wenye mali wengi wanakataa kazi ya ng'ambo kwa sababu hiyo, au wanamtaka mteja ashughulikie karatasi kwanza.

Wanaokubali wana mambo mawili ya kuandika. La kwanza ni sarafu: amana iliyowekwa kwa kwacha irudi kwa kwacha, noti kwa noti, ili asiwepo wa kusema kwamba bei ya kubadilisha imeshuka tangu Ijumaa na kuifanya hiyo tozo nyingine. La pili ni saa. Zambia iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Mteja wa Nakonde aliyeambiwa arudishe viti saa nne asubuhi atafika saa nne yake akiwa na dhamiri safi kabisa, na Tunduma itakuwa saa tano, kijana wa stoo ameshaandika kwenye daftari: amechelewa. Risiti ya kazi ya namna hiyo iandikwe "saa nne ya Tunduma", maneno mawili ya ziada, na mteja asomewe kabla hajapakia.